Mashine ya Kufulia Inapotembea, Sikiliza Inagonga Wakati Gani

Mashine ya kufulia inayotembea haitembei muda wote. Itajaza maji, itafua, itasuuza, na mwenye nyumba aliye sebuleni hatasikia zaidi ya maji kuchuruzika. Balaa linakuja mwishoni, wakati wa kukamua. Hapo mashine inagonga, inatikisika, inasogea kidogo kidogo kutoka ilipowekwa, na siku nyingine inakutwa katikati ya bafu, mpira wa maji umevutika na waya wa umeme umekaza. Ndipo anaitwa fundi. Anaambiwa mashine inapiga kelele, naye kabla hajaweka mfuko wa spana chini anajibu: beringi hiyo.

Inawezekana ni kweli, lakini mara nyingi si kweli, na tofauti yake ni kubwa mfukoni. Kubadilisha beringi ni kufungua mashine nzima hadi kiini chake. Kubadilisha shokapu ni kazi ndogo. Kupanga nguo vizuri hakuna gharama yoyote. Matatizo yote matatu huonekana sawa kwa mtu anayetazama mashine ikiruka, lakini kwa anayesikiliza hayafanani hata kidogo, kwa sababu kila moja lina wakati wake ndani ya zile dakika chache za kukamua. Nitaeleza kwa mashine ya kufungulia mbele, ya kilo 7 na kasi ya mizunguko 1,200 kwa dakika, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye nyumba nyingi za mjini.

Tuanze na kilichomo ndani. Dramu tunayoiona tukifungua mlango, ile ya chuma chenye matundu, haijashikana na boksi la mashine. Imekaa ndani ya tangi la plastiki linalobeba maji, na nyuma yake ina shafti inayopita kwenye beringi mbili zilizopachikwa kwenye mgongo wa tangi. Tangi hilo nalo halijafungwa kwenye boksi. Limening'inizwa juu kwa springi, kwa kawaida mbili, na chini limeegemezwa kwa shokapu, mbili, tatu au nne kutegemea aina ya mashine. Tangi limefungiwa pia vipande vizito vya zege, na hivyo ndivyo vinavyofanya mashine iwe nzito kuliko inavyoonekana. Zege hilo liko pale ili tangi liwe zito dhidi ya nguo, nguo zisipate nguvu ya kulirusha.

Kwa hiyo dramu, tangi, mota na zege vyote vinaelea ndani ya boksi. Vinaruhusiwa kuyumba. Mashine nzima, hata ile mpya kutoka dukani, huyumba ndani kila inapokamua, na ubovu unaanza pale ambapo kuyumba huko kunapita mpaka na tangi linagonga boksi.

Sasa fuatilia mwendo wenyewe. Dramu ikizunguka taratibu, nguo hupanda upande mmoja na kuanguka, ndivyo zinavyofuliwa. Ikifika mizunguko 60 hivi kwa dakika, nguo zinaacha kuanguka na kuanza kunata kwenye ukuta wa dramu. Mashine haikimbii papo hapo. Inabaki karibu na mizunguko 80 au 100, inazitandaza nguo kuzunguka dramu, na kompyuta yake inapima kama mota inavutwa zaidi upande mmoja. Ikiona uzito umeegemea upande, inasimama, inazigeuza nguo na kujaribu upya. Ndiyo maana mara nyingine unaona dakika zilizobaki zimeganda kwenye kioo huku dramu ikizunguka na kusimama. Ikishindwa kabisa, mashine za LG na Samsung huandika `UE` na kuacha nguo zikiwa na maji. Mashine inayofanya hivyo haijaharibika. Inakataa kukamua mzigo ambao ungeiumiza.

Uzito ulioegemea upande ni jambo zito kuliko linavyosikika. Kwenye dramu yenye upana wa sentimita 48 hivi, nguo zinapoanza kunata ukutani nguvu ya kuzisukuma nje inalingana na uzito wake wenyewe: kilo moja ya ziada upande mmoja inavuta kama kilo moja. Kasi ikipanda mara 20, kutoka mizunguko 60 hadi 1,200, nguvu hiyo haipandi mara 20, inapanda mara 400. Kilo moja iliyozidi upande mmoja sasa inalivuta tangi kwa nguvu ya karibu kilo 400, huku na huku, mara 20 kwa sekunde. Hakuna springi ya kushikilia hilo, na wala springi hazijaribu. Tangi linaachwa lielee na kutetema kidogo, kama nusu sentimita hivi, na mtetemo mwingi unaishia humo humo ndani bila kufika sakafuni.

Hatari kubwa iko kabla ya hapo, njiani, kati ya mizunguko 150 na 300 hivi. Tangi lililoning'inia kwenye springi lina mdundo wake wa asili, kama bembea. Ukisukuma bembea kwa mdundo wake, hata mtoto anaweza kumrusha mtu mzima juu. Ukisukuma haraka mno, bembea inatetema tu pale pale. Dramu inapopita kwenye kasi hiyo ya kati, nguo zilizoegemea upande zinalisukuma tangi kwa mdundo wake lenyewe, na tangi linaanza kurukaruka kwa upana mkubwa. Kazi ya shokapu ni kulishika tangi kwa sekunde hizo chache tu, mpaka kasi ipite. Baada ya hapo shokapu karibu hazina la kufanya, mpaka dramu inapopunguza mwendo na kupita tena kwenye kasi ile ile ikielekea kusimama.

Ukishika jambo hilo moja, umeshajua nusu ya ufundi huu. Mashine inayogonga kwa kishindo inapoanza kuchanganya, ikatulia inapokuwa kasi kabisa, kisha ikagonga tena inapokaribia kusimama, ina tatizo la kuning'inia: shokapu, springi, miguu au nguo. Mashine inayopita kasi ya kati kwa utulivu lakini inanguruma, na mngurumo unapanda kadiri kasi inavyopanda mpaka usikie chumba cha pili, hiyo ndiyo ya kuhofia beringi.

Kuhusu nguo, watu wengi wanadhani mzigo mkubwa ndio unaoyumbisha. Mzigo mkubwa kupita kiasi una madhara yake, lakini wa kuyumbisha hasa ni mzigo mdogo wa kitu kimoja kizito. Blanketi moja, zulia la bafuni lenye mpira chini, mto, suruali nzito ya jinzi peke yake. Kitu kimoja hakiwezi kujitandaza kuzunguka dramu, kinajikunja upande mmoja na kubaki hapo. Kingine kinachosumbua ni kava la duveti: linafunguka mdomo wakati wa kufua, linameza soksi, kanga na foronya zote, na mwishoni ndani ya dramu kuna donge moja zito la nguo. Funga vifungo vyake kabla ya kuliingiza. Na unapofua blanketi au zulia, ongeza taulo mbili au tatu ili mashine ipate kitu cha kuweka upande wa pili.

Vitu visivyopitisha maji, kama kifuniko cha godoro chenye nailoni au koti la mvua, nisingeviweka kwenye kukamua kwa kasi hata kidogo. Vinateka maji katika mikunjo yake, dramu inapokimbia maji hayo hayana njia ya kutoka, na mkunjo ukifunguka ghafla uzito wa kilo kadhaa unahama kwa mpigo mmoja. Tusidhani ni hofu ya bure. Novemba 2016 Samsung, pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, ilitangaza kurekebisha au kurudisha mashine takriban milioni 2.8 za kufungulia juu zilizouzwa nchini humo, kwa sababu kifuniko cha juu kiliweza kung'oka mashine ilipoyumba wakati wa kukamua. Kulikuwa na watu walioumia. Ushauri wa haraka uliotolewa kwa wenye mashine hizo ulikuwa kufua matandiko, vitu vikubwa na visivyopitisha maji kwa programu ya nguo laini, ambayo hukamua kwa kasi ndogo. Ushauri huo unafaa kwa mashine ya aina yoyote.

Jaribio la kwanza, basi, ni kutoa nguo zote na kuiendesha mashine tupu kwenye programu ya kukamua peke yake. Ikikimbia bila kugonga, kosa linaelekea kuwa kwenye mzigo, ingawa shokapu zilizoanza kuchoka nazo zinaweza kujificha mashine ikiwa tupu. Ikigonga hata tupu, nguo hazina hatia.

Kabla hujafungua chochote, tazama miguu. Weka mikono kwenye pembe mbili za juu zinazokabiliana, mbele kulia na nyuma kushoto, bonyeza kwa zamu, halafu pembe nyingine mbili. Mashine isicheze. Ikicheza, mguu mmoja haugusi sakafu. Kila mguu ni boliti ndefu, unazungushwa kwa spana mpaka ukanyage, kisha nati yake inakazwa juu dhidi ya boksi. Nati hiyo ndiyo inayosahauliwa. Bila kuikaza, mtetemo unaurudisha mguu taratibu, na mashine iliyosimama sawasawa leo itacheza baada ya muda. Weka pima maji juu, kwa urefu na kwa upana. Kwenye nyumba zetu sakafu ya bafu huinamishwa makusudi kuelekea tundu la maji, hivyo mashine ikiwekwa hapo bila kurekebishwa miguu lazima itaegemea, na vigae vikiwa na maji ya sabuni itateleza hata kama ni nzima. Mpira wa kuweka chini ya miguu unasaidia utelezi. Hautibu shokapu, na mtu akikuuzia kama tiba ya mashine inayogonga, anakuficha ugonjwa. Jukwaa la mbao au stuli ya chuma ni vibaya zaidi, kwani nalo linayumba na kuongeza mdundo wake.

Kwa mashine mpya kuna sababu moja inayopita zote. Kiwandani tangi hufungwa kwa boliti tatu au nne ndefu zinazopita mgongoni, ili lisivunje springi njiani. Zikisahauliwa baada ya kufikishwa nyumbani, tangi haliwezi kuelea, na mtetemo wote unahamia kwenye boksi na sakafu. Mashine itaruka chumba kizima siku ya kwanza. Zitafute nyuma, zitoe, ziba matundu kwa vifuniko vilivyokuja nazo, na uzitunze boliti zenyewe. Siku ya kuhama nyumba zirudishe mahali pake. Mashine nyingi tunazoletewa kwa kirikuu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine zinasafiri zimelazwa na bila boliti hizo, tangi likipigapiga kila kwenye shimo, na mwenye nazo anashangaa kwa nini ilikuwa nzima Kinondoni na imeanza kugonga Tabata.

Tabata ndiko nilikoshuhudia kisa ambacho kinaonyesha mambo haya yakifuatana. Mama mmoja, jirani, alikuwa na mashine ya kilo 7 iliyofika mwaka wake wa sita. Ilifua sare za shule na kanga bila tatizo, lakini kila Jumamosi alikuwa akiingiza zulia la bafuni, peke yake, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya vishindo. Baada ya muda vishindo vikaja hata kwa sare. Fundi wa kwanza aliitazama ikiruka, akasema beringi, akataja bei iliyokaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Mama akaomba muda wa kufikiria, akaita fundi mwingine.

Huyu wa pili alikuwa kijana. Aliingia, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa ni beringi."

"Inawezekana. Naomba tuiwashe kwanza bila nguo, niisikie."

Aliweka programu ya kukamua, akachuchumaa pembeni, kiganja juu ya kifuniko. Mashine iligonga mara kadhaa ilipoanza kuchanganya. Ikapita. Kwenye kasi ya juu ilikuwa inavuma kwa sauti moja, laini, ambayo unaweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti. Ilipopunguza mwendo, kabla haijasimama, ikagonga tena. "Mama, umesikia? Ikikimbia sana haisemi kitu. Beringi ikifa, hapo ndipo inapopiga kelele kuliko kote."

Akachomoa waya wa umeme, akafungua mlango. Alichofanya baadaye mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Kwanza aliushika mdomo wa dramu kwa juu, akauinua na kuushusha, akitazama nafasi kati ya dramu na mpira wa mlango. Dramu na tangi vilikwenda pamoja, juu na chini. Hiyo ni kawaida, ndiyo kuelea kwenyewe. Kama dramu ingeinuka peke yake na tangi likabaki, kwa mlio mdogo wa chuma kugota, beringi ingekuwa imelegea au ule mguu wa pembe tatu unaoshika dramu kwa nyuma umekatika. Akaizungusha dramu taratibu kwa mkono, sikio karibu na mgongo wa mashine. Kimya.

Kisha akalikandamiza tangi chini kwa nguvu na kuliachia ghafla. Tangi lenye shokapu nzima hupanda, likarudi mahali pake na kutulia, pengine baada ya kuyumba mara moja. Hili lilicheza juu chini mara nne kabla ya kutulia. Hapo akatabasamu. Akailaza mashine chali taratibu juu ya blanketi lililokunjwa, akachomoa pini mbili za plastiki kwa kila shokapu, akamkabidhi mama moja. Alipoisukuma kwa kidole kimoja iliingia hadi mwisho bila kubisha.

Shokapu ya mashine ya kufulia si kama ya gari. Haina mafuta ya kusukumwa ndani. Ni bomba na fimbo, na kati yake kipande cha sponji kilichopakwa grisi maalumu nzito, kinachokwama kidogo kila fimbo inapopita. Ubishi huo ndio kazi yake yote. Nzima ukiivuta kwa mikono miwili inakubishia sawasawa kwenda na kurudi. Inayoteleza, au inayobisha sehemu moja na kulegea nyingine, imekwisha. Usiipake oili wala grisi ya kawaida ukidhani imekauka, kwa sababu utaifanya iteleze zaidi. Kwenye mwili wake mara nyingi pameandikwa nguvu yake kwa nyutoni, 80, 100 au 120, na mpya lazima ilingane kwa nguvu, urefu na unene wa pini. Nenda nayo dukani. Zote zibadilishwe kwa pamoja, maana mpya ikiwekwa na iliyochoka, tangi litavutwa upande.

Kijana alikwenda nayo Gerezani, akarudi na mpya. Kabla ya kuzifunga alimulika springi kuona kama hazijavutika wala kutoka kwenye vishikio vyake, akashika zege kuona kama boliti zake zimekaza, kwa kuwa zege lililolegea nalo hugonga na mwishowe hupasuka. Vyote vilikuwa sawa. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umelegea nati, akaukaza. Jaribio la mwisho alilifanya na lile lile zulia, safari hii pamoja na taulo tatu. Mashine ilitikisika kidogo ilipopanda kasi, ikapita, ikakimbia, ikasimama. Haikutoka kwenye vigae vyake. Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile iliyotajwa mara ya kwanza.

Lau angeendelea kuitumia ikigonga, mama huyu pengine angefika kwenye beringi kweli. Tangi linalopigapiga linaichosha shafti na beringi. Lakini sababu kubwa ya beringi kufa ni maji. Mbele ya beringi, upande wa dramu, kuna sili, pete ya mpira inayokumbatia shafti ili maji yasipite. Sili inapokauka na kulika mdomo, maji yenye sabuni yanapenya, yanaosha grisi ya beringi, na gololi za chuma zinaanza kuzunguka kwenye kutu. Ndipo mngurumo unapoanza, mdogo mwanzoni, ukisikika kwenye kasi ya juu tu. Ukifungua kifuniko cha mgongo utaona mchirizi wa kahawia umeshuka kutoka katikati ya tangi, mahali shafti inapotokea. Mchirizi huo ni ushahidi tosha. Ukiuona, sili imeshashindwa na beringi iko njiani, hata kama bado haijapiga kelele nyingi. Ili kuwa na uhakika kwamba kelele si ya mota, kwenye mashine yenye mkanda fundi anautoa mkanda na kuizungusha dramu kwa mkono.

Usiendelee kufulia mashine ya namna hiyo kwa miezi mingi kwa kuwa bado inakamua. Beringi iliyokufa inaiacha shafti ipige, shafti inajichonga, maji yanamiminika nyuma kuelekea kwenye mkanda na mota, na mwishowe dramu inalika tangi lenyewe. Ukarabati ambao ungekuwa wa beringi mbili na sili moja unageuka wa dramu nzima. Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, angalia pia ule mguu wa pembe tatu: kwa kawaida ni wa aluminiamu, na chumvi na sabuni huula mpaka ukabaki na mashimo.

Kazi ya beringi ikifanywa, ifanywe kamili. Tangi linatolewa lote, linafunguliwa nusu mbili, dramu inachomolewa. Beringi huwa mbili, kubwa upande wa dramu na ndogo upande wa nyuma, na namba yake imechongwa ubavuni; kwenye mashine nyingi utakuta 6205 na 6206, lakini inayoamua ni ile iliyotoka kwenye mashine yako. Sili nayo ina vipimo vitatu, upana wa ndani, wa nje na unene, na lazima iwe mpya. Beringi mpya inapogongwa kuingia, igongwe kwenye pete ya nje pekee. Anayeigonga pete ya ndani anapitisha kishindo kwenye gololi, na beringi inaanza maisha ikiwa na kovu. Shafti nayo ipitishwe kucha mahali sili inapokaa. Kucha ikikwama kwenye mfereji, sili mpya haitazuia maji kwa muda mrefu, na shafti hiyo inahitaji kubadilishwa.

Jambo moja lijulikane kabla ya kukubaliana bei. Matangi ya zamani na baadhi ya mapya yameshikwa kwa skrubu na yanafunguka. Mengine yameunganishwa kiwandani kwa joto na hayana skrubu hata moja. Wapo mafundi wanaoyakata kwa msumeno kuzunguka mshono, wanabadilisha beringi, kisha wanayafunga kwa skrubu na silikoni. Nimeona kazi hiyo ikidumu, na nimeona ikivuja mapema. Kwa mashine yenye tangi la skrubu ambayo bado ina nguvu, ningetoa hela ya beringi bila kusita. Kwa mashine ya mtumba yenye tangi lililofungwa moja kwa moja, mguu wa aluminiamu ulioliwa na shafti yenye mfereji, ningeiacha na kuweka hela hiyo kwenye nyingine.

Na wewe unayemsubiri fundi kesho: mwombe aiwashe ikiwa tupu, aushike mdomo wa dramu na kulikandamiza tangi mbele yako kabla hajataja bei. Akibadilisha shokapu au beringi, dai zile za zamani uzishike mkononi. Na kama ni beringi, hakikisha miongoni mwa vitu alivyokukabidhi imo pia sili iliyotoka. Isipokuwepo, inaelekea haikubadilishwa, na kazi hiyo haijaisha.